Dakika 47: Mteja Anadai Nini Mfumo Ukianguka

Jumatatu ya tarehe 14 Desemba 2020, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, huduma za Google zilianza kukataa watu. Gmail haikufunguka. Nyaraka zilizokuwa zikiandikwa na watu watano kwa pamoja ziliganda. YouTube ilionyesha ukurasa wa kosa. Ofisi nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zinarudi kazini baada ya chakula cha mchana, na kama kawaida yetu, lawama ya kwanza ilienda kwenye bando, ya pili kwa mtu wa TEHAMA. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu kidogo: aliyeifungua YouTube bila kuingia kwenye akaunti yake aliangalia video bila shida yoyote.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Video zilikuwepo, na barua pepe zilikuwepo. Kilichokufa ni mlinzi wa getini, yaani huduma inayotambua kwamba wewe ndiye wewe. Miezi miwili nyuma, Oktoba, wahandisi wa Google walikuwa wameiingiza huduma hiyo kwenye mfumo mpya wa kugawa uwezo wa mitambo, lakini mabaki ya mfumo wa zamani yaliachwa yakifanya kazi. Mabaki hayo yakawa yanaripoti kwamba huduma ya utambulisho inatumia sifuri. Kulikuwa na muda wa neema kabla mgao kubanwa, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu kwa wiki kadhaa. Muda huo ulipoisha, mtambo ukajiamulia wenyewe: asiyetumia kitu hahitaji kitu. Ukakata mgao, na utambulisho wa akaunti zote duniani ukakwama.

Google iliandika baadaye mfuatano wa saa, na kwa msomaji wa mada yetu hizo saa ni dhahabu. Tatizo lilianza saa nane na dakika 46. Chanzo kilijulikana saa tisa na dakika 8. Saa tisa na dakika 22 wahandisi walizima udhibiti wa mgao katika kituo kimoja cha mitambo, wakaona hali inatengemaa, na saa tisa na dakika 27 wakafanya hivyo katika vituo vyote. Saa tisa na dakika 33 makosa yalikuwa yamerudi katika kiwango cha kawaida. Jumla ni dakika 47.

Mwenye akaunti ya bure alilalamika, akacheka na wenzake, akaendelea na maisha. Hakuwa na la kudai, kwa sababu hakuna alicholipa na hakuna alichoahidiwa. Kampuni, chuo au shirika linalolipia Google Workspace lina hadhi tofauti. Lina mkataba wa kiwango cha huduma, na ndani yake kuna ahadi yenye namba: huduma itakuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya dakika zote za mwezi. Ahadi ikivunjwa, mteja anastahili krediti ya huduma, yaani siku za ziada za huduma bila malipo, au thamani ya siku hizo kupunguzwa kwenye ankara kwa anayelipa mwisho wa mwezi. Swali ni kama dakika 47 ziliivunja.

Desemba ina siku 31. Zidisha kwa saa 24 na dakika 60, unapata dakika 44,640. Asilimia 99.9 maana yake ni kwamba sehemu moja katika elfu imeruhusiwa kupotea, na sehemu hiyo ni dakika 44.64, yaani dakika 44 na sekunde 38 hivi. Toa dakika 47 kwenye 44,640, gawanya kwa 44,640, jibu ni asilimia 99.895. Ahadi imevunjwa kwa dakika mbili na sekunde 22. Laiti wahandisi wangewahi kwa dakika tatu tu, hakuna mteja ambaye angekuwa na dai hata moja kutokana na mchana ule, ingawa kazi iliyokwama ingekuwa ni ile ile.

Watu wengi hushangaa hapa, nami nadhani wana haki. Asilimia 99.9 ukiisoma kwenye karatasi inaonekana ni ukamilifu. Ukiigeuza kuwa dakika, unaona ni ruhusa: mtoa huduma ameruhusiwa kulala karibu robo tatu ya saa kila mwezi bila kukudai samahani. Na ruhusa hiyo haihifadhiwi wala haihamishwi. Mwezi ukiisha, hesabu inaanza upya. Mfumo unaweza kuanguka dakika 40 tarehe 31 na dakika 40 nyingine tarehe 1, ukapoteza dakika 80 ndani ya siku mbili, na ahadi ikabaki haijavunjwa kwa sababu kila mwezi umebeba mzigo wake. Ndiyo maana mtu anayesoma mikataba hii huanza na kalamu na kikokotoo, kisha ndipo anasoma maneno.

Sasa tuweke kampuni mezani. Tuifanye ya kubuni: kampuni ya utalii Arusha yenye akaunti 60 za wafanyakazi, inayolipa dola 6 kwa kila akaunti kwa mwezi, bei iliyokuwa ya kifurushi cha chini wakati huo. Ankara ya mwezi ni dola 360. Mchana ule wa Desemba, msimu wa watalii wa sikukuu, wahudumu walikuwa wanathibitisha vyumba na magari kwa barua pepe. Mgeni mmoja wa kundi kubwa hakupata jibu, akahamia kwa kampuni nyingine. Tuseme safari hiyo ilikuwa ya dola 4,000.

Mkataba una ngazi tatu. Huduma ikishuka chini ya asilimia 99.9 lakini isifike chini ya 99, krediti ni siku 3. Ikishuka chini ya 99 lakini isifike chini ya 95, ni siku 7. Chini ya hapo ni siku 15, na hapo ndipo kikomo. Kampuni yetu iko ngazi ya kwanza. Siku 3 katika siku 31 za ankara ya dola 360 ni dola 34 na senti 84.

Dola 35 dhidi ya dola 4,000. Mkurugenzi akiletewa hesabu hiyo atadhani anatukanwa. Lakini krediti haikutungwa ili ikufidie hasara. Ni marekebisho ya bei: ulilipia huduma ya kiwango fulani, umepewa iliyo pungufu, unarudishiwa kipande cha bei. Basi likiharibika njiani, kondakta anakurudishia nauli. Hakulipi mshahara uliokatwa kwa kuchelewa kazini. Tena mkataba unalisema hilo waziwazi, katika kifungu ambacho wengi hukiruka: krediti ndiyo nafuu pekee ya mteja kwa kuvunjwa kwa ahadi ya kuwa hewani. Neno lenye uzito hapo ni "pekee". Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua wakati wa kuandikiana kwamba inaweza kutokea. Ni haki nzuri. Ila ukishasaini kwamba nafuu yako pekee ni siku tatu, umeibana haki hiyo kwa mkono wako, na mara nyingi mkataba wa mtoa huduma mkubwa unatawaliwa na sheria ya nchi nyingine kabisa.

Angalia pia jinsi ngazi zilivyoachana. Ili kampuni ya Arusha itoke siku 3 ifike siku 7, huduma ingepaswa kukosekana zaidi ya dakika 446 katika Desemba ile, yaani saa saba na dakika 26. Kufika ngazi ya tatu kunahitaji zaidi ya dakika 2,232, ambazo ni saa 37 na ushei. Aliyepoteza dakika 47 na aliyepoteza saa saba wanapata siku zile zile tatu. Na ikitokea huduma ikafa mwezi mzima, unapata nusu mwezi. Aliyezipanga ngazi hizi alijua anachokifanya.

Hata dola 35 hizo haziji zenyewe. Hapa ndipo madai mengi hufa, na yanafia katika sehemu tatu: saa, ushahidi na tarehe ya mwisho.

Tuanze na saa. Mtunza kumbukumbu wa kampuni yetu, kwa uaminifu kabisa, ameandika kwenye daftari: "Mfumo umeanguka saa 8:46, umerudi saa 9:33." Mtu wa huduma kwa wateja akiisoma akiwa Dublin au California ataenda kuangalia kumbukumbu za saa mbili na dakika 46 asubuhi, ataona kila kitu kilikuwa kizima, na atakataa dai. Hajakosea yeye. Ukiandika dai, acha saa za Kiswahili nyumbani. Andika kwa saa 24 na taja majira: 14:46 hadi 15:33 kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ni 11:46 hadi 12:33 UTC. Weka zote mbili kwenye mstari mmoja. California ilikuwa saa 03:46 ya usiku, na ukitaka kuwarahisishia kazi, iandike nayo.

Saa ina tatizo jingine lililojificha. Dakika 47 ni za tukio zima, kwa dunia nzima. Mkataba haukuahidi dunia. Uliahidi eneo lako, yaani akaunti zilizo chini ya jina la kampuni yako. Kwa maneno ya mkataba, dakika inahesabiwa kuwa ya kukosa huduma pale kiwango cha makosa kwa watumiaji wa eneo lako kinapozidi asilimia 5, na kipimo kinachotumika ni cha upande wa seva. Sasa rudi kwenye mfuatano wa saa. Kituo kimoja cha mitambo kilitengemaa saa tisa na dakika 22, vingine vikafuata kuanzia dakika ya 27. Inawezekana kabisa kwamba akaunti za kampuni ya Arusha zilirudi dakika ya 29, siyo ya 33. Hapo umepoteza dakika 43, na 43 ni chini ya 44.64. Jirani yako mtaani anastahili siku tatu, wewe hustahili kitu, na nyote mlikosa huduma kwa sababu ile ile.

Ndiyo maana ushahidi wako mwenyewe una thamani hata kama vipimo vinavyoamua ni vya seva yao. Picha ya skrini yenye saa kwenye kona ni mwanzo mzuri, lakini picha moja inathibitisha dakika moja. Kinachojenga dai ni kumbukumbu zinazoonyesha mwanzo na mwisho: orodha ya majaribio ya kuingia yaliyoshindikana, ujumbe wa makosa kama ulivyosomeka, majina ya akaunti tano au sita za idara tofauti ili kuonyesha kwamba tatizo halikuwa kompyuta ya mtu mmoja. Fundi makini huweka programu ndogo ya kujaribu huduma kila dakika na kuandika jibu. Wakati wa tukio watu hukimbilia kurekebisha, na ni sawa. Ila mmoja aandike. Ripoti ya tukio aliyoitoa mtoa huduma mwenyewe nayo iambatanishwe, maana humo amekwisha kukiri saa na chanzo, na huhitaji tena kubishana kama kilitokea.

Ushahidi lazima pia ujibu swali ambalo kwetu lina uzito wa pekee: tatizo lilikuwa upande gani? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa mtumiaji wa Dar es Salaam siku ile ilifanana na Desemba 2020, tena ilikuwa ndefu zaidi: barua pepe hazifunguki, nyaraka hazipandi. Lakini seva za Google zilikuwa zinafanya kazi, na mkataba wao unaishia pale mtandao wao unapoishia. Dai la siku hiyo haliwezi kwenda kwao. Kama lipo, ni kwa kampuni inayokuuzia intaneti, kwa mkataba wako nayo, na huko nako utakuta kifungu cha majanga yaliyo nje ya uwezo wao. Namna rahisi ya kutenganisha mambo haya mawili ni kujaribu huduma ile ile kupitia njia nyingine, kwa mfano simu yenye laini ya kampuni tofauti, au kumpigia mwenzako aliye nchi nyingine, na kuandika jibu lake pamoja na saa.

Halafu kuna tarehe ya mwisho. Google Workspace inampa mteja siku 30 tangu anapostahili krediti. Unaweza kubishana kwamba mtu anastahili pale tu mwezi unapofungwa na asilimia inapojulikana. Mimi singebishana; ningehesabu tangu siku ya tukio. Ukihesabu siku 30 kutoka tarehe 14 Desemba 2020 unafika tarehe 13 Januari 2021. Katikati yake kuna Krismasi, mwaka mpya, wiki ambazo mhasibu yuko kijijini kwao, na kwa Tanzania kuna sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 Januari. Anayerudi ofisini akiwa na nguvu mpya tarehe 14 amechelewa kwa siku moja, na mkataba unasema aliyechelewa amepoteza haki yake.

Dai lenyewe ni fupi. Kwa kampuni yetu ya kubuni lingesomeka hivi:

"Tunaomba krediti ya huduma kwa mwezi wa Desemba 2020. Tarehe 14 Desemba, kuanzia 14:46 hadi 15:33 saa za Afrika Mashariki (11:46 hadi 12:33 UTC), watumiaji wa eneo letu hawakuweza kuingia kwenye Gmail, Kalenda na Hifadhi. Tumeambatanisha kumbukumbu za majaribio yaliyoshindikana kutoka akaunti sita, pamoja na ripoti yenu ya tukio. Muda huo ni dakika 47 kati ya 44,640, hivyo huduma ilikuwa hewani kwa asilimia 99.895, chini ya asilimia 99.9 mliyoahidi. Kwa mujibu wa mkataba wa kiwango cha huduma tunastahili siku 3. Ikiwa vipimo vyenu kwa eneo letu vinatofautiana na hivi, tafadhali tupeni dakika mlizohesabu, za kuanza na za kumaliza."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bila hiyo, jibu linaweza kuwa "hamjafikia kiwango" na mjadala ukaishia hapo. Ukiomba dakika zao, unalazimisha kukataliwa kwa hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa. Angalia pia kwamba barua haikutaja safari ya dola 4,000 wala hasira ya mkurugenzi. Si kwamba hazina maana. Ni kwamba anayeisoma hana kisanduku cha kuziweka. Kama ulinunua huduma kupitia wakala wa hapa nyumbani, barua huenda kwa wakala, kwa kuwa mkataba wako ni naye, na siku 30 zinaendelea kuhesabiwa wakati yeye anasubiri kuipeleka mbele.

Usidhani kanuni hizi ni moja kwa wote. Tarehe 20 Oktoba 2025, huduma za Amazon katika kanda yake ya Virginia ya Kaskazini ziliyumba baada ya programu mbili za kujiendesha kukanyagana na kufuta anwani ya hifadhidata yao ya DynamoDB kwenye mfumo wa majina ya mtandao. Hifadhidata hiyo iliathirika tangu saa 3:48 asubuhi hadi saa 6:40 mchana kwetu, dakika 172, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi kupona. Ahadi ya DynamoDB ni asilimia 99.99, kali kuliko ya Google, lakini kipimo chake ni tofauti. Mwezi hukatwa vipande vya dakika tano tano, kila kipande huangaliwa ni asilimia ngapi ya maombi yako yalijibiwa bila kosa, kisha hutafutwa wastani wa vipande vyote. Kipande ambacho hukutuma ombi lolote huhesabiwa kuwa kizima kwa asilimia 100.

Chukua muda kulitafakari hilo. Programu iliyoandikwa kwa busara, ambayo ikiona kosa inasimama kwanza ili isizidishe msongamano, inafuta ushahidi wa mmiliki wake: imeacha kutuma maombi, kwa hiyo kwa hesabu ya mkataba hakukosa kitu. Na anwani ikiwa imepotea, ombi halifiki hata kwenye seva ili lipewe jibu la kosa. Kumbukumbu pekee ya jaribio hilo iko kwako. Kwa aliyekuwa akituma maombi muda wote na yote yakashindwa, dakika 172 zinamshusha hadi asilimia 99.6 hivi, na krediti yake ni asilimia 10 ya ankara ya DynamoDB ya mwezi huo. Ni ankara ya huduma hiyo tu, siyo ankara yake nzima ya Amazon. Dai linafunguliwa kama tiketi ya msaada, na kichwa chake kinatakiwa kiwe na maneno haya hasa:

```
SLA Credit Request
```

Ndani yake ziwekwe tarehe na saa za kila tukio na kumbukumbu za maombi yaliyoshindikana. Muda wa kudai ni mpana zaidi, hadi mwisho wa mzunguko wa pili wa ankara baada ya tukio. Na krediti isiyozidi dola moja haitolewi.

Kwa makampuni makubwa ya namna hii, mteja wa kawaida hana nafasi ya kubadili neno hata moja. Mkataba ni wa kuchukua au kuacha. Hali ni tofauti unapokaa meza moja na kampuni ya hapa inayokuuzia mfumo wa mauzo, wa mishahara au wa kusajili wagonjwa. Huko bado mnajadiliana, na mara nyingi rasimu ya mkataba imenakiliwa kutoka kwa wakubwa bila mtu kuuliza kama inafaa.

Mambo mawili yanastahili ubishi kuliko ukubwa wa krediti. La kwanza ni nani anapima na muda wa matengenezo unahesabiwaje. Rasimu nyingi husema matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi. Ni haki, ikiwa yana kikomo cha saa kwa mwezi, yanafanyika usiku, na mteja anajulishwa siku kadhaa kabla. Bila vikomo hivyo, kila anguko linaweza kubatizwa jina la matengenezo kwa ujumbe wa simu uliotumwa dakika kumi kabla. Kipimo nacho kitajwe: kifaa gani, kinapima kutoka wapi, na mteja anaona matokeo yake wapi. Mkataba unaosema "kwa vipimo vya mtoa huduma" na kuishia hapo umemfanya mshitakiwa kuwa shahidi na hakimu.

La pili ni haki ya kuondoka. Krediti ya asilimia 10 haimuumizi mtu kiasi cha kumbadilisha. Kinachomfanya mtoa huduma aajiri fundi wa zamu ya usiku ni kifungu kinachosema kwamba ahadi ikivunjwa miezi mitatu ndani ya miezi kumi na miwili, mteja anaweza kuvunja mkataba bila faini, kurudishiwa alichotanguliza kulipa, na kukabidhiwa data zake katika muundo unaosomeka kwingine. Kifungu hicho kikiwepo, "nafuu pekee" inakuwa si pekee tena, na madai madogo ya krediti yanapata kazi ya maana: kila dai lililokubaliwa ni rekodi iliyoandikwa na mtoa huduma mwenyewe kwamba mwezi ule alishindwa. Dola 35 za Arusha ni ndogo, lakini barua tatu za kuzikubali, zikiwa kwenye faili moja, zinakutoa kwenye mkataba.

Kwa hiyo kama mfumo wenu ulianguka wiki chache zilizopita na mkaishia kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, tafuteni mkataba leo, soma kifungu cha muda wa kudai kabla ya kingine chochote, na hesabuni siku zilizobaki.